Mjomba anategea ghalani, wenzake wanamfidia: nifanyeje?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nasimamia ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Newala. Wako sita chini yangu: mmoja mizani, mmoja daftari, wanne wanamimina korosho, wanashona magunia na kupanga. Mmoja kati ya wanne anategea. Foleni ikikolea anaenda kunywa maji, anapokea simu, akirudi magunia yameshapangwa. Wenzake wanamfidia, hasa dada mmoja anayebaki mpaka magharibi. Malipo yao ni sawa. Nimeitisha vikao viwili kusisitiza ushirikiano, hakuna kilichobadilika, na sasa hata wazuri wameanza kulegea. Kwa ukoo huyu ni mjomba wangu. Nifanyeje bila kuvunja heshima? Au niiombe bodi imwondoe?"*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hao wazuri walioanza kulegea, kwa sababu hapo ndipo hasara yako kubwa ilipo. Mtu mmoja akitega, unapoteza mikono miwili. Wenzake watatu wakishaanza kujiuliza wanajichosha kwa faida ya nani, mikono yote minane imeingia hatarini. Mwaka 1983 mtafiti Norbert Kerr aliwaweka watu katika kazi ya wawili wawili, akaona kwamba mtu akimwona mwenzake ana uwezo lakini hafanyi, naye hupunguza juhudi ili asigeuzwe mjinga. Mwenzake akishindwa kwa sababu hana uwezo, watu huwa wavumilivu zaidi. Shika tofauti hiyo, tutairudia. Kinachowaudhi watu wako zaidi ni kuona kwamba anayefanya kidogo angeweza kufanya zaidi.

Sasa tuangalie kwa nini anategea. Jibu la haraka ni kwamba ni mvivu, na huenda kweli ni mvivu. Lakini ghala lako limepangwa kwa namna ambayo hata mtu mwenye bidii ya kawaida atateleza. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo zaidi. Walipofika wanane, kila mmoja alikuwa akitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Wengi walidhani sababu ni kukosa mpangilio, kwamba wanavuta kwa nyakati tofauti. Ndipo mwaka 1974 watafiti wengine wakamfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele kabisa ya kamba, na nyuma yake wakasimama watu waliojifanya tu wanavuta. Hapakuwa na wa kugongana naye, ila alivuta kwa nguvu pungufu kuliko alipojua yuko peke yake. Mtu hulegea akihisi nguvu zake zinapotelea katika nguvu za wengine.

Dawa ilionekana mwaka 1981, safari hii kwa kazi ya kupiga kelele kwa pamoja. Watu walipoambiwa kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake, kulegea kulikoma, ingawa bado walikuwa kikundini. Hakuna aliyewahubiria wala kuwapandishia malipo. Walijua tu kwamba sehemu yao inaonekana.

Angalia basi jioni ya ghala lako. Magunia 120 yamepangwa ukutani, yote yana alama ya chama, yote yameshonwa kwa uzi uleule wa katani. Gunia la mjomba ni lipi? Hata wewe msimamizi hulijui. Daftari linasema tani ngapi zimeingia, za mkulima gani na za daraja gani. Halisemi nani alishona. Kila kinachohusu korosho kimeandikwa, na kinachohusu juhudi ya mtu hakipo popote.

Ndiyo maana vikao vyako viwili havikuzaa kitu. Ukisema mbele ya wote "tushirikiane jamani", anayejituma anajihisi amesemwa bila kosa, na anayetegea anatikisa kichwa kukubali, akijua wazi kwamba hutaweza kumwonyesha gunia lake. Usiitishe kikao cha tatu cha namna hiyo.

Fanya hivi. Wape wanne hao namba, 1 hadi 4. Anayeshona gunia aandike namba yake kwa kalamu ya wino mzito chini ya sikio moja la gunia, mbali na alama ya chama na ya daraja ili isilete utata huko ghala kuu. Kisha kila mmoja awe na mlundo wake: magunia unayoshona ndiyo unayopanga, mahali pako. Karani wa daftari aongeze safu moja pembeni, namba ya mshonaji. Ni sekunde chache kwa gunia. Watangazie wote kwa pamoja, asubuhi, kwa sababu ya kweli: gunia likirudishwa ghala kuu kwa mshono mbaya au mchanganyiko wa madaraja, mnataka kujua lilipita mikononi mwa nani. Usilifanye kwa siri. Hesabu ya siri ikigundulika itaonekana ni mtego uliowekewa mjomba, na waliokuwa upande wako watahamia upande wake.

Pima siku tano za kazi kabla hujamsemesha mtu. Siku moja haitoshi. Mtu anaweza kuamka na homa, au foleni ikawa ndogo. Tuchukue mfano kwamba siku ya magunia 120 namba 1 ana 40, namba 2 ana 38, namba 3 ana 31, na namba 4, tuseme ndiye mjomba, ana 11. Mgawo sawa ungekuwa 30 kwa kila mmoja. Usimkimbilie namba 4 kwanza. Tazama namba 1 na 2, maana hao kwa pamoja wamebeba magunia 18 zaidi ya fungu lao, na namba 4 amepungukiwa na 19. Umeshapata picha ya nani anamfidia nani, na kwa kiasi gani. Mara nyingi msimamizi hushangaa hapa: aliyedhaniwa mtegaji mkuu kumbe ni wa tatu, na mtu mpole asiyetajwa na yeyote ndiye mwenye hesabu ndogo. Kama hesabu ikikukuta umemdhania vibaya mjomba wako, shukuru kwamba hukumsema mbele za watu.

Idadi peke yake ina madhara yake, na utayaona ndani ya wiki. Watu wataanza kushona haraka kwa mishono mipana, na gunia litapasukia kwenye lori. Wengine watachagua magunia yaliyo karibu na mizani. Kwa hiyo hesabu mbili ziende sambamba: magunia yaliyoshonwa na magunia yaliyorudi au kufumuka. Gunia lililorudi linatolewa kwenye hesabu ya mshonaji wake na analishona upya yeye mwenyewe. Na foleni iwe ya zamu: gunia linalotoka mizani linakwenda kwa namba inayofuata. Namba ikiitwa na mwenyewe hayupo, karani anaandika "hayupo" na gunia linakwenda kwa anayefuata. Neno hilo moja daftarini litakueleza habari za maji na simu kuliko ubishi wa saa nzima.

Kabla ya kumwita mjomba, kuna swali ambalo msimamizi kijana wa kike anaweza kulikosa kabisa: je, hawezi, au hataki? Asubuhi moja yenye utulivu, mpe kila mmoja magunia manane ya kwake peke yake, ya kumimina, kushona na kupanga, uangalie muda. Mtegaji halisi akiwa peke yake, kazi yake ikionekana, hufanya vizuri. Anamaliza pamoja na wenzake au anakaribia. Mwenye tatizo la mwili hushindwa hata peke yake. Mtazame kwa makini anapofika kwenye kupanga. Kama anamimina na kushona vizuri lakini kila likija suala la kunyanyua gunia la kilo 80 anapata simu, huyo anakwepa uzito, na kukwepa uzito kuna sababu zake.

Ukanda wetu wa Mtwara na Lindi una matende na busha tangu enzi za mababu. Mwanaume mwenye busha au ngiri hatamwambia mpwa wake wa kike. Afadhali aitwe mvivu. Mgongo mbovu nao hufichwa, kwa hofu kwamba kibarua kitakwenda kwa kijana. Kwa hiyo usimuulize wewe. Mwombe mwanaume wa rika lake anayemheshimu, labda katibu wa chama au mzee wa mizani, amuulize faraghani kama kunyanyua kunamtesa. Ikiwa ni busha au ngiri, yote mawili hutibiwa kwa upasuaji hospitalini, na wakati anasubiri anaweza kuwekwa kwenye kumimina, kushona na kupanga magunia matupu, wengine wakibeba. Hapo wenzake hawatakuwa wajinga wanaobebeshwa. Watakuwa wanamsaidia mgonjwa, na ndiyo ile tofauti ya Kerr. Ila wanahitaji kujua kwamba mgawo umebadilishwa rasmi na wewe. Ugonjwa wenyewe si wa kuutangaza. "Mjomba sasa hapangi, anashona 35" inatosha.

Tuseme ameweza magunia yake manane bila shida, na hesabu ya siku tano bado inasema 11. Sasa ni wakati wa mazungumzo, na hapa ndipo undugu unapokutisha.

Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba si ndugu wa pembeni. Neno lake lina uzito kwenye posa, mazishi na ugomvi wa watoto, na mpwa kumsema mjomba ni jambo zito. Sitakushauri ujifanye hulijui hilo. Nakushauri utenganishe viti viwili. Usimfuate nyumbani, usilifikishe kwa mama yako, wala usimpitishie ujumbe kwa shangazi, kwa sababu likishafika ukoo litahukumiwa kwa sheria za ukoo, na huko wewe ni mtoto. Mwite ghalani, asubuhi kabla wakulima hawajafika, daftari likiwa mezani. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote. Kisha kitu kama hiki:

"Mjomba, nimekuita kama msimamizi wa ghala, heshima yangu kwako iko palepale. Hili ni daftari la siku tano. Mgawo ulikuwa kama 30 kwa siku, kwako zimeandikwa 11, 12, 9, 14 na 11, na mara nyingi gunia limekuja kwako hukuwepo. Jumatatu magunia yako manane uliyashona vizuri na kwa wakati, kwa hiyo najua unaweza. Nieleze, kinachotokea ni nini?"

Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na wasimamizi wengi huiharibu kwa kuanza kumjibia mtu: "au labda umechoka, au labda ni jua..." Mwache ajieleze. Huenda akakwambia jambo usilolijua: kwamba analazimika kupokea simu za mgonjwa wake, au kwamba tangu ulipomchagua mtu mwingine kushika mizani aliona amedharauliwa. Kinyongo cha namna hiyo ni chanzo kikubwa cha kutega, na hakitoki kwa kikao cha wote.

Angalia kwamba katika maneno yale hakuna "wewe ni mvivu" wala "wenzako wanalalamika". La kwanza linapingika, hesabu haipingiki. La pili litamfanya atoke akimtafuta nani alisema, na yule dada ndiye atakayeumia. Usimtaje mtu yeyote.

Malizeni kwa makubaliano mafupi ya wiki mbili: magunia 27 kwa siku yenye foleni kamili, kutoka kwa kuaga karani, simu nje ya zamu. Mbona si 30? Kwa sababu unatafuta mtu arudi kwenye kazi, na 27 inafikika hata siku mbaya. Andika mistari mitatu, muweke saini wote wawili, mpe nakala. Kila jioni ya siku ya tatu mwonyeshe hesabu yake kwa dakika mbili. Ikipanda, mwambie umeiona.

Sasa yule dada. Kwa nia njema kabisa, yeye ni sehemu ya tatizo, na huenda na wewe pia ukikunja mikono ya gauni kushona magunia yaliyobaki. Mtu akijua kwamba kazi itakwisha hata asipokuwepo, hana la kumrudisha. Mwambie faraghani kwamba umeona anachobeba, mwonyeshe 40 zake kwenye daftari, umshukuru, kisha umwombe amalize fungu lake na aondoke saa ya kuondoka. Atakataa mwanzoni. Watu wa namna hii huogopa korosho za mkulima zisilale nje, na hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo weka mpaka ulio wazi: wingu la mvua likionekana, wote wanabeba bila kuuliza zamu, maana korosho ikilowa inapoteza daraja na mkulima hana kosa. Siku isiyo na mvua, gunia la zamu ya namba 4 sasa halipitishwi tena kwa mwenzake: mlundo wake usiokamilika unabaki jinsi ulivyo, na kesho asubuhi anaanza nao yeye kabla ya gunia jipya. Siku mbili tatu za mwanzo ghala litaonekana baya. Mwarifu katibu mapema, asije akakuta magunia yamesimama wazi akadhani umeshindwa kazi.

Kuna watakaokwambia ulipe kwa gunia, basi yaishe. Kwa wabebaji wa siku moja wa kupakia lori, inafaa. Kwa timu yako ya msimu mzima ningesita. Ukilipa kwa gunia, hakuna atakayeacha mlundo wake kumsaidia mwenzake kukwamua gunia lililopasuka, hakuna atakayefagia, na kuchambua korosho mbovu kutaonekana ni kupoteza hela. Pia huwezi kubadilisha malipo katikati ya msimu bila wafanyakazi kukubali. Ukitaka motisha, anza na kitu kidogo: wenye hesabu nzuri na magunia machache yaliyorudi ndio wa kwanza kuitwa msimu ujao. Ongea na bodi ili ahadi hiyo iwe ya kweli.

Na kumwondoa? Si sasa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi: ukimwondoa na ghala likabaki bila namba kwenye magunia, baada ya wiki chache nafasi yake itajazwa na mwingine miongoni mwa hao hao. Ya pili ni ya kisheria. Kama ana mkataba wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mwajiri achunguze sababu ya utendaji duni, amweleze mfanyakazi anapopungukia, ampe mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha, kisha amsikilize kabla ya kuamua, akiwa na haki ya kuja na mwenzake wa kumsaidia. Hatua ulizochukua hapo juu, zikiwa na tarehe na saini, ndizo zitakazoonyesha kwamba mlimtendea haki. Bila hizo, akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 30 tangu kuachishwa kufungua mgogoro, chama kitakuwa na maneno matupu ya kujitetea.

Wiki mbili zikipita na hesabu iko palepale, usiendelee peke yako. Hapo undugu ni sababu halali ya kujitoa: peleka daftari na makubaliano kwa katibu, umweleze kwa maandishi kwamba mhusika ni mjomba wako na unaomba kikao cha kumsikiliza kiendeshwe na mtu mwingine. Uamuzi wowote utakaotoka hautasemwa kuwa ni wa mpwa. Ikiwa mkataba wake ni wa msimu au wa mdomo tu, katibu aonane na afisa kazi wa mkoa pale Mtwara kabla ya kuandika barua ya onyo. Na kama ukigundua kwamba mjomba anategea kwa sababu ana mtu kwenye bodi anayemkingia kifua, hilo si la ghalani tena. Mpelekee afisa ushirika wa wilaya, ukiwa na nakala za daftari la siku zote hizo mkononi.

Anza na namba na safu ile ya daftari Jumatatu. Kalamu ya wino mzito inunue mbili, moja hukauka kwa vumbi la korosho.